Salio: 0

Saa kumi na moja jioni, projekta bado inanguruma, nikaandika namba ya mwisho kwenye jedwali na kile kisanduku cha chini kabisa kikajijaza chenyewe. Salio: 0. Bajeti shirikishi ya mtaa wetu, ile ambayo wakazi wenyewe wanaamua miradi gani ipate hela, ilikuwa 100, tumegawa 100, haijabaki hata punje. (Naiita 100 ili tusihangaike na masifuri, wewe weka hela yoyote unayotaka, hesabu ni ile ile.) Kiukweli nilifurahi kijinga, kama mtoto aliyemaliza hesabu za kugawanya bila baki.

Afu mama mmoja wa safu ya nyuma akasimama, mkoba begani, tayari anaondoka. Akauliza, "Mwanangu, hapo kwenye skrini sisi wa bondeni tumeandikwa wapi?"

Nikamwonyesha mstari wa taa za barabarani. Akautazama. Akasema "haya", akatoka.

Hiyo "haya" imenikaa kichwani wiki sita.

## Jinsi tulivyofika kwenye sifuri

Mimi ndo nilikuwa mwezeshaji, na mwezeshaji kwetu ndo huyo huyo anayejaza waraka ambao kila mkazi anaweza kuufungua na kuusoma, kwa hiyo usitafute mtu mwingine wa kulaumu humu ndani.

Watu walikuwa 60. Miradi mitano ilikuwa imeshachujwa kwenye vikao vya awali na injinia ameshaiwekea makadirio: barabara ya juu 60, mtaro wa maji ya mvua bondeni 35, taa za barabarani kwa mtaa mzima 30, kisima cha bondeni 25, na uwanja wa watoto kule juu 10. Jumlisha hiyo uone, inakuja 160. Tuna 100. Ndo maana ya kikao.

Kila mtu akapewa kadi, aandike mitatu anayoitaka kwa mpangilio. Wa kwanza anapata alama 3, wa pili 2, wa tatu 1. Hii ya kutoa alama kwa kufuata nafasi ni ya zamani sana, kuna Mfaransa anaitwa Borda aliipigia debe tangu karne ya 18, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuihesabu ubaoni mbele ya watu wote na hakuna anayepotea njiani.

Kadi zilipokusanywa zikawa kama rundo mbili. Nanyoosha kidogo hapa, maana kadi nne tano zilikuwa na mpangilio wake, lakini picha ni hii: watu 33 wa juu waliandika barabara, taa, uwanja. Watu 27 wa bondeni waliandika mtaro, kisima, taa.

Alama zikatoka hivi: barabara 99, taa 93, mtaro 81, kisima 54, uwanja 33.

Watu wakapiga makofi, nami nikaanza kujaza safu ya mgao. Nikashuka kwenye orodha toka juu. Barabara 60, zimebaki 40. Taa 30, zimebaki 10. Mtaro unataka 35, hazitoshi, ruka. Kisima kinataka 25, hazitoshi, ruka. Uwanja unataka 10, zipo kumi, andika.

Salio: 0.

Sasa soma tena taratibu. Uwanja uliokuwa wa mwisho kwa alama umepata hela, mtaro uliokuwa wa tatu haujapata. Watu 33 wamepata vitu vyote vitatu walivyoandika. Watu 27, ambao ni karibu nusu ya ukumbi, wamepata kile walichokiandika mwisho, tena nusu kwa nusu na wenzao.

Na hakuna aliyeiba kitu. Hesabu zote ni sahihi.

## Kilichokuwa kinanikera

Wiki ya kwanza nilijiambia huyo mama kashindwa tu, kura ndo zilivyo, kuna anayeshinda na kuna anayeshindwa. Wiki ya pili nikajiuliza swali ambalo nadhani ningejiuliza mapema: hivi ningekereka vile vile kama wa bondeni ndo wangebeba yote? Nikawa mkweli, nikajijibu kwamba labda nisingegundua hata. Kwa hiyo huruma yangu peke yake haikuwa sababu ya kufungua kitu kilichokwisha kukubaliwa.

Wiki ya tatu nikatoa makaratasi ya kikao nikaanza kutafuta tulikubaliana nini hasa. Hapo ndo nilipokaa chini.

Maana ukumbi uliamua vitu viwili tu. Uliamua alama zihesabiweje, hiyo tuliijadili kabisa, kuna kijana alitaka wa kwanza apewe 5 badala ya 3 na tukabishana robo saa nzima. Halafu mwishoni nikauliza "tunakubali mgao huu?", mikono ikanyooka, nikahesabu 41. Basi.

Ile hatua ya katikati, ya kugeuza alama kuwa hela, ya kushuka toka juu na kuruka kisichoenea, hakuna aliyeiamua. Niliifanya mimi, kwa sababu ndo inayomjia mtu kichwani, na kwa sababu miji mingi inayofanya bajeti shirikishi inafanya hivyo hivyo. Mle kwenye waraka nikaandika kwa herufi nzito "Mgao uliokubaliwa na wakazi".

Mpangilio wa vipaumbele unajibu swali la nini muhimu zaidi. Mgao unajibu swali la nani apate kiasi gani. Mimi nilichukua jibu la swali la kwanza nikalibandika kwenye la pili.

Kuna dogo jingine. Waliosaini kuingia ni 60, waliokubali mgao ni 41. Wale 19 walikuwa kina nani? Sijui. Tulikuwa na orodha ya kuingia, ya kutoka hatukuwa nayo. Nilihesabu mikono, sikuhesabu mikono ya nani. Wanaotoka mapema ni wenye mwendo mrefu, na mwendo mrefu kutoka pale ukumbini ni wa kuelekea bondeni.

## Nilichokaribia kufanya

Hapa naona aibu kidogo lakini nitasema.

Nilikuwa na ruhusa ya kuhariri ule waraka. Usiku mmoja niliufungua, nikafuta 60 ya barabara, nikaanza kupanga upya. Nilikuwa nimeshasoma kuhusu njia wanayoiita ya mafungu sawa, ambayo mji wa Wieliczka kule Polandi uliitumia mwaka 2023, na wazo lake ni jepesi kuliko jina. Gawa bajeti kwa vichwa. Sisi ni 100 kwa watu 60, kila mtu ana 1.67 hivi mfukoni, hela ya kufikirika. Mradi unapita pale tu wanaoutaka wanapoweza kuulipia kwa mifuko yao, na aliyekwishalipia mradi mmoja, mfuko wake unapungua, kwa hiyo hawezi kuwa mwenye sauti kubwa kwenye kila kitu.

Nikaijaribu kwetu. Watu 33 wa juu wana 55 kwa pamoja. Barabara ni 60. Haipiti! Taa zinatakiwa na wote, kila mtu anatoa 0.5, zimepita. Kisima bondeni wanakimudu, uwanja wa juu wanaumudu, tumetumia 65. Zimebaki 35 ambazo hakuna kundi lililoweza kuzitumia kwa mfuko wake, na mtaro ni 35 kamili. Taa, kisima, uwanja, mtaro. 100. Salio: 0 tena!

Niliruka kitini jamani.

Afu nikakaa, nikahesabu upande wa pili. Watu wa juu katika mpango huu mpya wanapata sehemu yao ya taa, 16.5, na uwanja, 10. Jumla 26.5, wakati fungu lao ni 55. Kitu walichokiandika namba moja, wote 33, hawajapata hata mita moja, na hela iliyobaki mifukoni mwao ndo kwa sehemu kubwa imejenga mtaro wa wenzao. Nilikuwa nimefanya ule ule mchezo, nimegeuza tu nani analia. Tena safari hii saa sita usiku, peke yangu, bila mkono hata mmoja kunyooka.

Nikarudisha 60 pale ilipokuwa. Kama hujui, waraka wa aina hii unatunza kila badiliko na saa yake, kwa hiyo mpaka leo mtu akifungua historia ataona usiku ule mhariri aliondoa 60 na baada ya dakika arobaini akairudisha. Sijaifuta na siwezi kuifuta. Ikae.

## Kwa mwenyekiti

Wiki ya nne nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Mzee mtaratibu, hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Ukifungua hili, kesho kila mmoja atataka kufungua lake." Na hiyo si hoja ndogo, sikuwa na jibu la haraka, maana mgao unaoweza kufunguliwa na kila anayenuna sio mgao.

Nilichomjibu ni kwamba sitaki kufungua kwa sababu matokeo ni mabaya. Nataka kufungua kwa sababu waraka unasema kitu ambacho hakikutokea. Umeandika "uliokubaliwa", na kanuni iliyozaa ule mgao haikuwahi kuletwa mbele ya watu. Akafikiria, akauliza kama nimeandika kanuni ni ipi. Nikasema hapana, haipo popote. "Basi hilo ndilo la kupeleka," akasema, "peleka hilo tu, usipeleke jibu."

Hiyo ya kutopeleka jibu ilinisaidia kuliko hesabu zangu zote.

Kabla ya kikao nilimpigia injinia swali moja: barabara inakatika? Maana tuliipigia kura kama kipande kimoja cha 60, kama vile ni kiti, huwezi kununua nusu ya kiti. Akasema inakatika, toka njia panda mpaka kwenye kalavati, pale ndo pabovu zaidi na kipande kinaweza kusimama chenyewe. Lakini akanipa tahadhari: nusu haitakuwa 30, itakuwa 35, na nusu ya pili mbeleni nayo 35, kwa sababu mitambo inaletwa mara mbili, kambi inajengwa mara mbili, vipimo vya udongo mara mbili. Ukikata barabara unalipa 10 zaidi ya kuijenga kwa mkupuo.

Nikaiandika hiyo 10. Haki nayo ina risiti yake, nikaona bora watu waione.

## Kikao cha pili

Walikuja 52. Nikaanza kwa kusema wazi kosa ni langu, nikaonyesha ile hatua ya katikati, polepole, kila mstari nikieleza kwa nini mtaro ulirukwa. Ukumbi ukawa kimya kwanza, afu kelele.

Jamaa mmoja wa juu alisimama akasema, "Ndugu mwezeshaji, sasa hivi kila mtu hapa anajua kanuni gani inampa nini. Hutuulizi kanuni, unatuuliza upya kama tunataka barabara." Na alikuwa sahihi kabisa, hili sikuwa na dawa yake na mpaka leo sina. Kanuni ya kugawa inaamuliwa vizuri pale ambapo bado hujui itakubeba au itakuangusha. Porto Alegre kule Brazili, walioanza mambo haya mwaka 1989, vigezo vya kugawa kati ya maeneo, yaani wingi wa watu, upungufu wa huduma na kipaumbele ambacho eneo lenyewe limechagua, vilikuwa kwenye kanuni zilizoandikwa, na baraza la wawakilishi wa wakazi lilizipitia kila mwaka kwa ajili ya mzunguko unaofuata. Sisi tulikuwa tunakata kitambaa kikiwa kimeshavaliwa.

Nikamjibu kwamba ni kweli, na nikamwomba aniruhusu niandike maneno yake kwenye muhtasari kama alivyoyasema. Akakubali, ingawa alikuwa bado amenuna.

Kilichogeuza kikao hakikutoka kwangu. Ni yule mama. Safari hii alikaa mbele.

Alisema, "Mimi hesabu zenu sizifuati sana. Nauliza kitu kimoja. Mkiweka lami kule juu, maji ya mvua ambayo leo yananywewa na ile barabara ya udongo yataenda wapi?"

Injinia akatazama chini, afu akasema yatashuka bondeni, mengi zaidi na kwa kasi zaidi.

Yaani ule mgao wangu wa kwanza wenye salio zuri la sifuri ungejenga barabara inayoleta maji na kuacha mtaro wa kuyapokea. Na hakuna alama duniani ambayo ingetuonyesha, kwa sababu tulihesabu kila mradi kama uko peke yake duniani, barabara na alama zake, mtaro na alama zake, wakati hivi viwili vimeshikana kama mguu na kiatu. Kadi haina mahali pa kuandika "hiki bila kile ni hatari".

Hata ile njia ya mafungu sawa isingeliona hilo.

Baada ya hapo hawakubishana tena kama mwanzo. Mapendekezo yakaja yenyewe, na lililosimama lilikuwa hili: kipande cha barabara 35, mtaro 35, taa 30. Jumla 100. Kisima na uwanja vinasubiri mzunguko ujao. Jamaa wa juu aliyeninunia ndo aliyeomba mikono ihesabiwe upande kwa upande, juu peke yake na bondeni peke yake, mgao upite tu ukipata wengi kote kuwili. Ukapita. Juu ulipita kwa tofauti ya mikono miwili tu, usidhani watu walikumbatiana.

## Hiyo 3.5

Wakati watu wanakunja viti nikapiga hesabu ya mafungu kwa mgao mpya, kwa kutaka kujua tu. Wa juu fungu lao 55. Wametumia 16.5 kwenye taa na 35 kwenye barabara, wamebakiwa na 3.5. Wa bondeni fungu lao 45. Wametumia 13.5 kwenye taa, wamebaki na 31.5, mtaro ni 35, wamepungukiwa 3.5.

Watu waliongea kwa saa tatu, wakapatana kwa mvua na lami na kununa, wakafika mahali ambapo pande mbili zimepishana kwa 3.5 tu. Ule mgao wangu wa kwanza uliwapa bondeni 13.5 kati ya 45.

Sikuweza kunyamaza, nikaisema kwa sauti. Kosa labda. Maana jamaa wa juu aliacha kukunja kiti, akasema, "Kwa hiyo wametukopa."

Mama akasema hawajakopa, maji yanayoshuka ni ya huko juu, hiyo 3.5 ni gharama ya maji yao.

Mwenyekiti akatazama saa.

## Waraka ulivyo leo

Ukiufungua sasa hivi, mgao wa kwanza bado upo, umepigwa mstari katikati lakini unasomeka, na pembeni kuna tarehe na sababu ya kuondolewa. Safu zimeongezeka. Zamani kulikuwa na mradi, alama, makadirio, mgao. Sasa kuna safu ya kanuni iliyotumika kutoka kwenye alama kwenda kwenye hela, ipo safu ya waliokuwepo wakati wa kukubali, kwa upande, na ipo ya mradi unaotegemea mwingine, ambapo mbele ya barabara kumeandikwa "usianze kabla ya mtaro". Hiyo ya mwisho injinia ndo aliitaka, akasema asipoiona imeandikwa yeye hasaini. Ile 10 ya kukata barabara nayo ipo, kwenye mstari wake, watu waione.

Kadi 60 za siku ya kwanza nimeziweka kwenye bahasha ofisini, mtu yeyote akitaka kuhesabu upya azione.

Chini kabisa salio bado linasoma 0. Kisanduku kinachofuata nilikiongeza mimi jioni ile ile, wote wawili wakiwa wamesimama nyuma yangu wanaangalia kila herufi ninayobonyeza. Kinasema: "3.5. Juu wanasema ni deni. Bondeni wanasema ni gharama ya maji. Haijakubaliwa."

Jamaa alitaka niweke neno deni kwanza. Mama akasema sawa, aweke, mradi la kwake lisomeke.